UCHAMBUZI: Jaribio la nusu saa halitoshi kufichua mitambo inayovuja polepole

WAKENYA wengi wamezoea kuambiwa kwamba huduma ya mtandaoni imekwama kwa sababu watu waliojitokeza kuitumia walikuwa wengi kupindukia. Maelezo hayo huwa ya kweli mara nyingine. Hata hivyo, ipo aina ya hitilafu ambayo haisababishwi na umati bali na muda ambao mtambo umekuwa ukifanya kazi bila kuzimwa. Hitilafu hiyo ni vigumu kuonekana katika majaribio ya haraka ambayo hufanywa kabla ya huduma kuzinduliwa.

Kisa kimoja kinachofaa kutafakariwa kilitokea Jumatatu, Oktoba 22, 2012. Ilipotimu saa nne asubuhi katika pwani ya magharibi ya Amerika, ambayo ni saa mbili usiku hapa Nairobi, baadhi ya diski ambazo kampuni ya Amazon hukodisha wateja wake katika kituo chake cha Virginia zilianza kuzorota na nyingine zikakwama kabisa. Tovuti kadhaa mashuhuri zilizotegemea diski hizo zilikwama pia.

Kiini cha balaa hiyo, kwa mujibu wa maelezo ya Amazon yenyewe, kilikuwa kitu kidogo mno. Katika kila seva ya kuhifadhi data mlikuwa na programu ndogo ambayo kazi yake ni kutuma ripoti za matengenezo kwa seva nyingine ya kukusanya takwimu. Wiki iliyotangulia, seva moja ya kukusanya takwimu iliharibika na ikabadilishwa. Anwani mpya haikufika kwa seva zote, hivyo baadhi ziliendelea kubisha mlango wa seva iliyokwisha kuondolewa.

Kwa kuwa ripoti hizo hazikuwa za dharura, hakuna kengele iliyolia. Lakini kila programu hiyo iliposhindwa kufika kwa mwenzake, ilichukua sehemu ndogo ya kumbukumbu ya seva na haikuirudisha. Haba na haba hujaza kibaba. Kufikia Jumatatu asubuhi, seva zilizoathirika hazikubaki na kumbukumbu ya kutosha kuhudumia wateja.

Je, kwa nini jaribio la muda mfupi haliwezi kunasa jambo kama hili? Hesabu rahisi itatuonyesha.

Tuchukue mfano wa huduma ya kaunti ya kulipia leseni za biashara. Tuseme seva yake ina gigabaiti 3.6 za kumbukumbu zilizo wazi, na kwamba kila ombi linaloshughulikiwa huacha kilobaiti mbili ambazo hazirudishwi. Wakaguzi wanaijaribu kwa maombi 50 kila sekunde kwa muda wa nusu saa. Hayo ni maombi 90,000, na huduma inayajibu yote upesi. Kumbukumbu iliyopotea ni megabaiti 180 pekee. Tena mtambo wowote ukiwashwa upya hupanda kiasi unapopakia vitu vyake vya kawaida, hivyo hakuna anayeshtuka. Cheti kinatiwa saini.

Huduma inazinduliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na wananchi wanaitumia kwa wastani wa maombi 10 tu kila sekunde, sehemu moja kwa tano ya mzigo wa majaribio. Inapoteza megabaiti 72 kila saa. Baada ya saa 50, yaani Jumatano saa nne asubuhi, kumbukumbu imekwisha na huduma inaanguka. Mtambo uliobeba mzigo mzito kwa nusu saa umelemewa na mzigo mwepesi kwa siku mbili.

Dawa yake ni jaribio la muda mrefu, ambapo mtambo hupewa mzigo wa wastani usiokatika kwa saa 24 au zaidi. Wahandisi wengi huliwasha Ijumaa jioni na kulisoma Jumatatu asubuhi. Linachosaka si iwapo huduma ingali hai, bali mwelekeo wa matumizi ya rasilmali zake.

Usomaji wa mwelekeo huo una hila zake. Mchoro wa kumbukumbu hupanda na kushuka kama meno ya msumeno, kwani programu nyingi hufagia takataka zao mara kwa mara. Kwa hivyo mhandisi stadi haangalii vilele bali mabonde, yaani kiasi kinachobaki kila baada ya kufagia. Huiacha saa ya kwanza au mbili za kuanzia, kisha hulinganisha mabonde ya saa zinazofuata. Yakilala mstari mmoja, mtambo ni mzima. Yakizidi kuinuka kwa kiasi kile kile kila saa, pana mvujo, na siku ya kuanguka inaweza kukokotolewa kabla haijafika.

Hapo huongeza mzigo maradufu. Mvujo nao ukiongezeka maradufu, chanzo ni maombi yenyewe. Usipobadilika, chanzo huenda ni kazi fulani inayojiendesha kwa saa, mathalani kutuma ripoti kama ile ya Amazon. Vivyo hivyo, hesabu ya faili zilizofunguliwa na miunganisho ya hifadhidata hufuatiliwa, kwa maana hizo nazo zina kikomo na huvuja vilevile.

Hata hivyo, ni hapa ambapo kisa cha 2012 kinatupa funzo kubwa zaidi. Lau seva zile zingejaribiwa kwa wiki nzima huku kila kitu kikifanya kazi sawasawa, zingefaulu. Mvujo ulianza tu pale seva ya pili ilipokosa kupatikana. Kwa hivyo jaribio la muda mrefu lisilo na hitilafu za makusudi ni nusu ya jaribio. Katikati yake, sharti mhandisi aizime seva ya ujumbe mfupi au ya malipo kwa saa kadhaa, kisha atazame kama mabonde yatainuka.

Amazon pia ilikiri kwamba ilikuwa ikifuatilia jumla ya kumbukumbu katika kila seva, ilhali jumla hiyo hubadilika sana katika shughuli za kawaida. Baada ya mkasa huo ilisema itafuatilia kila programu kivyake, na kuziwekea mpaka programu zisizo muhimu zisije zikala fungu la wenzao.

Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kuzima na kuwasha mitambo kila usiku. Katika mfano wetu, mbinu hiyo ingefaulu kwa miezi, kwa kuwa mtambo unaoanguka baada ya saa 50 haufikishi hata saa 24. Lakini siku ya mwisho ya kulipia leseni ikiwadia, na maombi yapande hadi 50 kila sekunde, mvujo ule ule utamaliza kumbukumbu kwa saa 10. Ikiwa mtambo uliwashwa usiku wa manane, utaanguka saa nne asubuhi, foleni zikiwa ndefu, na wananchi wataambiwa kwamba walichelewa wakajitokeza kwa wingi.

Wanaoandika zabuni za huduma za umma, basi, wasitosheke kuuliza mtambo utahudumia watu wangapi kwa wakati mmoja. Waulize pia utawahudumia kwa saa ngapi mfululizo, nini kilizimwa katikati ya jaribio, na waonyeshwe mchoro wa mabonde kabla ya kutia saini.