NGAZI NI YA MTU, KAMBA NI YA MZIGO



Huku Meru na Embu nyumba nyingi za ghorofa moja hujengwa bila mashine ya kupandishia vitu. Wengine hupanda ngazi na debe begani, nao hubaki na mkono mmoja tu wa kushikia. Haifai. Mtu apande ngazi, mzigo uvutwe kwa kamba.

Sakafu ya juu ikiwa mita 3 kutoka chini, mguu wa ngazi uwe sentimita 75 kutoka ukutani, yaani robo. Ncha yake ipite sakafu kwa mita 1, tena ifungwe isiteleze.

Sasa mzigo. Debe la lita 20 likijaa zege lina kilo 48 hivi. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi uzito huo, hugeuza tu upande wa kuvuta. Nao mti unaoshika kapi hulemewa mara mbili: kilo 48 za debe na kilo 48 za nguvu ya mvutaji, karibu 96. Ndiyo sababu mti uliogandamizwa kwa mawe machache tu huinuka mkia, ukamwangukia mvutaji. Ufungeni barabara kwenye nguzo ya jengo, jazeni debe nusu, wala asisimame mtu chini yake.

Mti ukianza kucheza, mwarifu msimamizi. Kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, hawezi kukulazimisha kurudi kwenye hatari kubwa kama hiyo kabla haijarekebishwa.