MAMBO YA NYUMBANI: Uzi Uliochomoka Haukatwi



Mwezi wa Julai, baridi ya nyanda za juu inapozidi, mtoto mwenye sweta moja hulivaa tangu alfajiri hata usiku, na sweta likiharibika hana jingine. Kwa sababu hiyo nataka kusema leo juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nami naliona likifanywa katika nyumba nyingi.

Binti yangu alirudi kutoka shuleni, na sweta lake limenaswa na msumari wa dawati, karibu na kiwiko. Uzi ulikuwa umechomoka nje kama kitanzi, urefu wa kidole kidogo, na nguo ya pande zote mbili imekunjamana. Mimi nikatwaa mkasi, nikaukata uzi ule sawasawa na nguo, nikaona nimefanya vizuri. Siku ya pili palikuwa na tundu la kuingia dengu. Baada ya kufuliwa mara moja, tundu lilikuwa mfereji ulioshuka hata karibu na mkono wa sweta. Mtoto alilia, wala sikuwa na la kumjibu, kwa maana msumari haukulitoboa sweta lake. Aliyelitoboa ni mama yake.

Kosa letu latokana na desturi ya kanga na kaniki. Nguo hizo zimefumwa kwa mtande na mshindio: nyuzi nyingi zimelala kwa urefu, na nyingine nyingi zimepita kwa mapana, juu ya huu na chini ya huu. Uzi mmoja ukikatika, jirani zake hubaki mahali pao, kwa kuwa kila mmoja umebanwa na nyuzi zinazoukata njia. Kwa hiyo tumezoea kukata kila uzi unaoning'inia, na mara nyingi hatuoni hasara.

Walakini sweta silo la namna hiyo. Katika sweta la kawaida uzi mmoja huenda mstari mzima kwa mapana, ukipindwa vitanzi vitanzi. Kisha hurudi kufanya mstari wa juu yake, na kila kitanzi cha juu hupitishwa ndani ya kitanzi cha chini yake. Basi kitanzi cha chini kinashikwa na nini? Kinashikwa na kile cha juu kilichopita ndani yake, wala hapana fundo lolote. Ondoa cha juu, na cha chini kimefunguka. Hicho nacho kikichomoka, cha chini yake tena hufunguka. Ndivyo tundu dogo linavyoshuka kama mtu ashukaye ngazi, kipago kwa kipago. Katika fumo jembamba, kama lile la soksi laini, mfereji waweza hata kupanda juu.

Sasa tuutazame uzi uliochomoka. Katika sweta nene kiasi, ambalo vitanzi vyake vitano hujaza upana wa inchi moja, kila kitanzi hula uzi wa sentimita 1 na nusu hivi. Uzi ukitokeza sentimita 3 ni uzi wa sentimita 6, kwa kuwa umekunjwa mara mbili: unakwenda nje na kurudi. Sentimita hizo 6 zimetoka wapi? Zimenyang'anywa vitanzi jirani vya mstari uo huo. Kama kila kimoja kimetoa nusu sentimita, basi vitanzi 12 vimepunjwa, sita kuume na sita kushoto. Hiyo ndiyo sababu ya nguo kukunjamana. Tazama basi: hapana kilichopotea. Uzi wote ungalipo, ila umehama. Aukataye amewanyima hao 12 mali yao daima, tena ameacha ncha mbili fupi zisizo na mshiko, zitakazoteleza na kufungua vitanzi vya chini.

Dawa yake ni kuwarudishia wenyewe. Fanya hivi. Lilaze sweta mezani penye mwanga. Kwanza livute polepole kwa mapana, kuume na kushoto, mara tatu au nne. Huenda uzi ukarudi nusu yake kwa hilo tu. Kisha chukua sindano nene butu isiyopasua uzi. Anza na kitanzi kilicho karibu na uzi uliochomoka. Kivute kidogo kwa ncha ya sindano, nawe utaona kinanenepa na uzi wa nje unapungua. Sasa vuta kitanzi cha pili, nacho kitapokea kutoka kwa cha kwanza; kisha cha tatu, hata ufike mahali ambapo nguo haikukunjamana. Peleka nusu ya uzi upande wa kuume na nusu upande wa kushoto. Ukiumaliza wote upande mmoja, pale vitanzi vitalegea na upande wa pili utabaki umebanwa. Kazi hii huchukua kama robo saa, wala haipendi haraka. Mwisho livute tena kwa mapana na kwa urefu. Likiwa la sufu, weka kitambaa chenye maji juu yake na pasi ya moto ishikwe karibu tu, mvuke uingie bila kugandamiza. Likiwa la nyuzi za kiwandani, kama masweta mengi ya shule, usilitie moto, maana hulegea lisirudi tena. Lilowanishe tu na kulilaza likauke.

Ikiwa baadhi ya uzi haukubali kurudi, upitishe upande wa ndani kwa kulabu ndogo ya kufumia, na uuache huko. Ukiwa mrefu, ushikize kwa mishono miwili ya uzi mwembamba. Hautaonekana, wala nguo haitafumuka.

Lakini kabla ya yote tazama kama uzi umekatika kweli. Uzi uliochomoka tu huwa ni kitanzi kizima kisicho na ncha. Uliokatika una ncha mbili, na chini yake utaona kitanzi kimeachama, hakina kinachopita ndani yake. Hicho kishike mara moja kwa pini ya kufungia, kabla mtoto hajalivaa tena wala sweta halijafuliwa. Kama mfereji umekwisha kushuka, tafuta kitanzi kilicho chini kabisa. Ukiwa upande wa nje wa nguo, ingiza kulabu ndani yake, kamata uzi uliolala juu yake kama kipago cha ngazi, uuvute upite ndani ya kitanzi; umekwisha pata kitanzi kipya. Panda hivyo kipago kwa kipago hata juu, usiruke hata kimoja. Pale uzi ulipokatika, ongeza kipande cha uzi wa rangi ile ile, ukifuate kwa sindano njia ya vitanzi vilivyokosekana na kupita vitanzi vichache vya kila upande, na ncha zote zifichwe ndani bila kukatwa fupi.

Nanyi walimu, mwaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kipande cha sweta kuukuu. Chomoeni uzi mahali pawili. Pamoja mkate, pa pili mrudishe kwa sindano. Kisha kivuteni mbele ya darasa.

Sweta la binti yangu nililipandisha kwa kulabu jioni mbili, nalo lingali likivaliwa. Alama ya uzi niliouongeza ipo kiwikoni, na kila niionapo naukumbuka mkasi wangu.

Bwana awabariki nyumbani mwenu.