Malengo Matatu, Wiki 13

Tunaona kosa si kuweka malengo makubwa. Kosa ni kungoja robo mwaka iishe ndiyo tuyapime.

Chukua mama mboga wa Ruiru anayenunua bidhaa soko la Madaraka, Thika. Kuanzia Oktoba hadi Desemba anataka karo ya Januari, Sh6,500, kumaliza deni la Sh3,900 na kuongeza stoki ya Sh2,600. Robo mwaka ina wiki 13. Kwa hivyo kila Jumamosi jioni, kabla pesa ya mauzo haijaguswa, anatuma 500 kwa akiba ya karo, 300 kwa deni na 200 kwa akiba ya stoki.

Kwa daftari anachora mistari mitatu ya visanduku 13. Tiki inawekwa tu meseji ya kuthibitisha ikiingia.

Wiki nne zikiisha, anahesabu. Karo ina tiki tatu, amekosa 500. Asilipe mara mbili Jumamosi ijayo. Hapo ndipo wengi huachia njiani. Zimebaki Sh5,000 na wiki tisa, yaani kama 560 kila wiki. Ni sitini tu zaidi! Hata hiyo ikikosekana, apunguze ya stoki. Stoki inaweza kungoja, shule ikifunguliwa Januari haingoji.