Mkeka Uliokutwa Mfukoni

Mama anafua suruali ya kijana wake wa miaka kumi na tisa, mfukoni anakuta karatasi ndefu ya kubeti. Juu imeandikwa dau shilingi 1,000, chini malipo yanayotarajiwa shilingi 7,560. Kijana anamtuliza: "Mama, usitupe, hiyo pesa inakuja." Kabla ya kufurahi au kugomba, mzazi aisome.

Mkeka huu una mechi nne. Kila mechi ina odi yake: 1.50, 2.00, 1.80 na 1.40. Zikizidishwa zote zinatoa 7.56, ndiyo maana buku moja likaahidiwa kuwa 7,560. Karatasi haibadiliki, lakini mkeka uleule ukifunguliwa kwenye simu, kila mechi ina neno lake pembeni.

Ya kwanza imeandikwa Won, yaani ubashiri umetimia. Odi ya 1.50 inabaki.

Ya pili ni Void. Mechi iliahirishwa kwa mvua, kampuni ikaifuta. Haijashinda wala haijapotea. Odi yake ya 2.00 inageuka kuwa 1.00.

Ya tatu ni Push. Kijana alibashiri magoli yatazidi 2, mchezo ukaisha 1-1. Magoli yameangukia palepale kwenye mstari, kwa hiyo ni sare kati yake na kampuni, na odi hii nayo inakuwa 1.00. Angebashiri yatazidi 2.5, pasingekuwa na sare, angekuwa amepoteza.

Ya nne ni Pending: matokeo bado.

Sasa hesabu ni 1.50 mara 1.40, sawa na 2.10. Zile 7,560 zimeshuka hadi 2,100, na ndani yake mna buku lake mwenyewe. Faida ni 1,100, kabla ya makato ya kodi kama yapo.

Usiku mechi ya mwisho inaandikwa Lost. Mkeka wenye mechi kadhaa hufa kwa mechi moja tu. Zile zilizoshinda hazilipwi kitu, na hata zile Void na Push hazirudishi dau. Hapa ndipo wazazi wengi huchanganywa: mechi moja ikishakuwa Lost, hata kama nyingine bado ni Pending, hakuna pesa ya kusubiri.

Mama hakugombana naye kuhusu karatasi moja. Aliketi naye wakafungua historia ya akaunti, wakajumlisha madau yote ya mwezi upande mmoja, na malipo yote upande wa pili. Kijana alikuwa akikumbuka vizuri kila Won. Zile Lost alizihesabu kwa mara ya kwanza akiwa na mama yake, na katikati ya orodha akanyamaza: tarehe mbili zilikuwa za wiki ile aliyosema nauli ya chuo imeibwa.