VITI VITUPU HAVIPIGI KURA



Imetufikia picha, na khabari zake twaziandika bila ya kuzungukazunguka, kwani aliyeitengeneza si hasimu wetu. Imetoka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Wapo waliotushauri tunyamaze ili watu wasitucheke. Sisi twawajibu kwa maneno ya wazee: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kisa ni hiki. Ulifanyika mkutano wa ndani katika ukumbi mmoja wa kisiwani hapa, ukumbi wenye safu 15 za viti, kila safu viti 20, jumla viti 300. Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na karafuu zilikuwa zimeiva mitini, na kila mwenye mikarafuu anajua kwamba karafuu hazimngoji mtu. Waliofika, kwa mujibu wa daftari la mlangoni, ni watu 64. Mpiga picha alisimama jukwaani akapiga picha moja ya ukumbi mzima. Usiku ule kijana wetu mmoja akaitia picha hiyo katika kompyuta, na asubuhi yake ikaenea katika simu za watu: ukumbi umejaa mpaka ukutani, hapana kiti kinachoonekana. Chini yake yaliandikwa maneno haya: "Ukumbi ulifurika. Usikose mkutano ujao."

Watu 64 walifika. Watu 236 walizaliwa usiku, bila ya mama wala baba.

Yafaa wanachama wajue jambo hili hufanywa vipi, kwani asiyejua hudhani ni kazi ya wiki nzima na ya fundi mkubwa. Zamani ilikuwa hivyo. Aliyetaka kuongeza mtu katika picha ilimlazimu kukata kichwa kutoka picha nyengine, kukipachika, na kupaka rangi mpaka mshono usionekane. Lakini mwaka 2023 chombo kiitwacho Generative Fill kilitiwa ndani ya Photoshop, nayo kazi ikawa ya dakika chache. Mtu huizungushia mstari sehemu ya viti vitupu, kikatokea kisanduku, akaandika humo kwamba anataka watu waliokaa wakisikiliza, akabonyeza Generate. Mashine humletea sura tatu achague moja. Akimaliza safu hiyo huenda safu ya pili. Siku hizi viko vyombo vyengine vingi vifanyavyo kazi hiyo hiyo, na baadhi yake vimo ndani ya simu.

Mashine haimjui mtu yeyote. Imefundishwa kwa picha nyingi mno, ikajifunza kukisia ni nukta gani za rangi zitakazoelekeana na zile zilizo pembeni. Haihesabu viti, haijui mila, haijui kwamba nje mvua ilinyesha. Na hapo ndipo ilipotufedhehesha.

Wa mwanzo kuigundua picha ile hakuwa mtaalamu. Alikuwa bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliyekuwamo ukumbini siku hiyo. Aliitazama simu ya mjukuu wake akauliza: "Wanaume hawa waliokaa upande wetu ni wa wapi?" Kwa dasturi yetu wanawake hukaa upande wao na wanaume upande wao, na mashine iliwachanganya kama watu walio ndani ya sinema ya nchi za mbali. Baada ya swali lile kila mtu akaanza kuona. Safu moja ya viti 20 ilikuwa na vichwa 23. Madirisha yalikuwa mkono wa kushoto, nao wageni wale nyuso zao ziling'ara upande wa kulia. Watu wetu 64 walitundika miavuli yao kwenye migongo ya viti, na wale 236 hawakuwa na mwavuli hata mmoja, wala bega lililorowa. Safu za nyuma nyuso zilikuwa zimeyeyuka kama nta, na kofia ya mmoja imeshikana na sikio la jirani yake.

Lakini tusijipe moyo kwamba vidole na masikio vitatulinda daima. Vyombo hivi huzidi kusahihishwa, na kasoro ya leo kesho huenda isiwepo. Baadhi yake hutia ndani ya picha maandishi yaliyofichika ya kueleza kwamba mashine imetumika. Hata hayo hayategemewi, kwani picha ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya na maandishi hayo hupotea. Ushahidi usiopotea ni ule wa nje ya picha: daftari la mlangoni, picha za simu nyengine zilizopigwa saa ile ile, na watu waliokuwamo. Na hapa pana upumbavu wa jambo lote hili. Aliyetengeneza wahudhuriaji 236 alikuwa na mashahidi 64 wa kumkanusha, na kila shahidi ana jamaa, na majirani, na baraza ya kahawa. Ametutia uwongoni mbele ya wale wale waliotoka mvuani kuja kutusikiliza.

Tumesikia utetezi wa namna mbili, na kila mmoja twaujibu.

Wa kwanza husema: wakubwa huwabeba watu kwa malori, huwagaia fulana na kofia, kisha hujisifu kwa umati. Sisi tuna picha tu. Twajibu: mtu wa lori ni mtu. Amepanda kwa miguu yake, anaweza kuzomea, anaweza kuila pilau akatia kura kwengine. Mtu wa mashine hawezi hata hayo. Na tangu lini kosa la mwenzetu likawa ruhusa yetu?

Wa pili ana hoja nzito zaidi, naye tumsikilize. Yeye husema: kila mpiga picha hudanganya kidogo. Huinama, hukaribia, huchagua pembe ambayo watu 64 huonekana kama 200. Mpaka uko wapi? Twakiri kwamba pembe inaweza kudanganya, na anayeitumia kwa kudanganya asijisifu kwa ukweli. Hata hivyo mpaka upo. Mwenye kuchagua pembe ameonyesha kilichokuwapo na kuacha kingine, na mtu mwengine aliyesimama mahali pale angekiona kile kile. Mwenye kujaza viti kwa mashine ameonyesha ambacho hakuna jicho lililokiona, popote liliposimama. Ipo pia njia ya halali ya kuiponya picha ya ukumbi mkubwa wenye watu wachache: waombwe wote wasogee safu nne za mbele, wapigwe picha pamoja, na iandikwe chini yake kwamba ni 64.

Wala hatusemi kwamba mashine hii haina kazi ya halali. Mwenye ukumbi anayetaka kumwonyesha mpangaji namna harusi itakavyoonekana humo, na ajaze viti atakavyo, madhali ameandika juu ya picha yenyewe, kwa herufi zisomekazo, kwamba watu hao ni wa kubuni. Bango la mkutano ujao likiwa ni mchoro, kila mtu ajua ni mchoro. Dhambi huingia pale picha inapopandishwa kizimbani kuwa shahidi wa jambo lililopita, ili imvute mtu kwa jambo lijalo. Anayesoma "ukumbi ulifurika" hutoa nauli yake kwa sababu ya maneno hayo, na mfanyabiashara hutoa mchango wake kwa sababu hiyo hiyo. Mali iliyopatikana kwa njia hiyo ina jina lake, nanyi mnalijua.

Sasa tuitazame khasara iliyo kubwa kuliko aibu. Tarehe 7 Agosti 2024 Bibi Kamala Harris alihutubia katika uwanja wa ndege wa Detroit, Marekani, mbele ya watu wapatao 15,000. Baada ya siku chache mpinzani wake, Bwana Donald Trump, aliandika kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja, na kwamba umati ule ulitengenezwa na mashine. Haikuwa kweli. Waandishi walikuwapo, na picha zilipigwa kutoka kila upande. Lakini tazameni jinsi neno lenyewe lilivyowezekana kusemwa: kwa kuwa watu washajua kwamba umati huweza kubuniwa, umati wa kweli nao waweza kukanushwa. Mwaka uliofuata, Agosti 2025, mwimbaji Will Smith alitoa filamu fupi ya mashabiki wake. Mashabiki walikuwa wa kweli, ila picha zao zilitiwa mashine zikatikiswa, vidole vikashikana na nyuso zikapotoka, na dunia ikamcheka kwamba amebuni watu. Alikuwa na watu, akawapoteza kwa mkono wake.

Nasi je? Siku viwanja vya Tibirinzi vitakapojaa pomoni, na watu wakasimama mpaka barabarani, tutatoa picha. Wasiotupenda watajibu neno moja tu: mashine. Watatoa ile picha ya ukumbi kuwa ushahidi, na tutasema nini?

Kisiwa hiki hakihitaji kufundishwa thamani ya hesabu. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, na Unguja na Pemba nzima zikatikisika kwa kura ile. Oktoba 2015 uchaguzi mzima wa Zanzibar ulifutwa kwa tangazo la mwenyekiti wa tume, na karatasi za matokeo zikiwa mikononi mwa mawakala. Tangu siku hizo twadai jambo moja: mtu ahesabiwe mmoja, asipunguzwe wala asiongezwe. Twapinga majina ya watu wasiokuwapo katika daftari la wapiga kura. Basi kwa mdomo gani tutayapinga, ilhali sisi tumejaza viti kwa watu wasiokuwapo?

Kwa hivyo twataka haya. Picha ile iondolewe kila ilipopelekwa, na ya asili itolewe pamoja na idadi yake, 64. Kila mkutano uwe na daftari la mlangoni, na tangazo litaje idadi iliyomo daftarini. Picha ya asili ihifadhiwe na katibu wa tawi bila ya kuguswa, na picha yoyote iliyoongezwa kitu iandikwe hivyo juu yake. Kijana aliyefanya kazi hii asifukuzwe. Mikono yake ni hodari, na alifanya kwa mapenzi yaliyopotea njia. Apewe kazi ya kuwatembelea wale wenye viti 236 waliobaki majumbani, awaulize ni kipi kilichowazuia: mvua, karafuu, au sisi wenyewe.

Jibu la swali hilo lina faida kwetu kuliko picha elfu za ukumbi uliojaa. Na wale 64 waliokuja mvuani, twawaambia: nyinyi mnatutosha kuanzia, na tumeona haya kwamba kuna aliyedhani hamtoshi.