Waliofuta na Walioandika

Abida al-Salmani alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Kufa, mtu aliyesilimu Mtume (S.A.W.) akiwa hai lakini hakujaaliwa kumwona. Alipohisi mauti yamekaribia, mnamo mwaka 72 wa Hijria au jirani na hapo, aliagiza aletewe maandishi yake, akayafuta. Alieleza kuwa anachelea yasije yakaangukia mikononi mwa watu wasiojua kuyaweka mahali pake.

Kisa hicho ndicho kilicholifanya toleo hili lirudi kwenye mjadala ambao wengi huudhani umefungwa kwa jibu la sentensi moja. Jibu lenyewe kila mwanafunzi wa darsa analijua: kuandika hadithi kulikatazwa mwanzoni ili zisichanganyike na Kurani, na hofu hiyo ilipoondoka, kukaruhusiwa. Si jibu la uongo, ila linaacha mengi nje. Msahafu wa Khalifa Uthman ulikuwa umekwisha kunakiliwa na kupelekwa mijini miaka 40 hivi kabla ya Abida kufa. Nani tena angechanganya? Mzee yule alikuwa na hofu nyingine kabisa.

Tuanze na mapokezi yenyewe, maana yanavutana waziwazi. Katika Sahihi ya Muslim, Abu Said al-Khudri anapokea kwamba Mtume alikataza kuandikwa kitu kutoka kwake kisichokuwa Kurani, na kwamba aliyeandika afute. Upande wa pili yupo Abu Shah, mtu wa Yemen aliyesikia hotuba ya Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijria, akaomba aandikiwe, na Mtume akaamuru aandikiwe. Yupo pia Abdallah bin Amr bin al-As, kijana aliyekuwa akiandika kila alichosikia hadi watu wa Kuraishi wakamkemea: Mtume ni mwanadamu, husema akiwa radhi na husema akiwa ameghadhibika. Aliacha, akaenda kumweleza mwenyewe. Mtume aliashiria kinywa chake akamwambia aandike, kwani hapatoki hapo ila haki. Sahifa ya Abdallah ilijulikana kwa jina la al-Sadika, na Abu Huraira, aliyepokea hadithi nyingi mno, alikiri kuwa Abdallah ndiye pekee aliyemzidi, kwa sababu yeye aliandika na Abu Huraira hakuandika.

Wanazuoni walitafuta njia za kuyapatanisha. Ibn Kutaiba alitaja uwezekano wa katazo kufutwa na ruhusa ya baadaye, au ruhusa kuwa ya Abdallah tu, kwa kuwa alijua kusoma na kuandika vizuri wakati wengine hawakujua. Wengine, na Bukhari anatajwa kati yao, waliona maneno ya Abu Said ni yake mwenyewe, si ya Mtume. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa, maana likikubalika, katazo linabaki kuwa rai ya sahaba mmoja, nzito lakini rai.

Rai hiyo haikuwa ya mtu mmoja, hata hivyo. Inapokewa kuwa Khalifa Umar bin al-Khattab alitaka suna ziandikwe, akawashauri masahaba, nao wakamwunga mkono. Akaswali istikhara mwezi mzima, kisha akaghairi. Alikumbuka watu wa kabla yao walioandika vitabu, wakavikumbatia, wakakiacha Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Mtu akisoma kwa makini ataona kwamba Umar hazungumzii karatasi mbili kuchanganyika ndani ya mfuko mmoja. Anazungumzia kitabu cha pili kinachoshindania nafasi na cha kwanza.

Baadaye ikatokea sababu ya tatu. Al-Auzai, imamu wa Sham aliyefariki mwaka 157, alilalamika kwamba elimu hii ilikuwa na heshima yake watu walipoipokea kwa midomo, ikaingia vitabuni, ikafika kwa wasiostahiki. Hapo ndipo hofu ya Abida inapoeleweka.

Kilichogeuza mambo hakikuwa hoja mpya, bali mazishi. Kizazi cha masahaba kilikwisha, na matabiina wakubwa wakawa wanawafuata. Umar bin Abdul-Aziz, aliyeshika ukhalifa kati ya mwaka 99 na 101 (717 hadi 720 Miladia), alimwandikia Abu Bakr bin Hazm huko Madina azitafute hadithi za Mtume na kuziandika, kwa kuwa anaogopa elimu kutoweka na wanazuoni kuondoka. Aliyebeba kazi hiyo zaidi ni Ibn Shihab al-Zuhri, aliyefariki mwaka 124. Rafiki yake Salih bin Kaisan alisimulia kwamba walitafuta elimu pamoja. Al-Zuhri akataka kuandika hata yaliyotoka kwa masahaba, Salih akakataa. Al-Zuhri akafaulu, Salih akajiona amepoteza. Lakini al-Zuhri huyohuyo alisema kuwa yeye na wenzake walikuwa wakichukia kuandika mpaka watawala walipowalazimisha, ndipo wakaona si haki kumnyima Mwislamu mwingine yeyote. Watu wengi hunukuu nusu ya kwanza kumtuhumu na kuisahau ya pili.

Basi al-Auzai alijibiwaje? Alijibiwa kwa masharti. Kitabu kiliruhusiwa, lakini kitabu peke yake hakikuwa ushahidi. Ilibidi mtu awe amekisikia au amekisoma mbele ya mwenyewe. Sababu inaonekana katika kosa la Ibn Lahia, kadhi wa Misri. Zaid bin Thabit alipokea kwamba Mtume alijitengea chumba msikitini. Neno la Kiarabu ni *ihtajara*. Ibn Lahia, aliyeitoa hadithi kwenye maandishi aliyoletewa bila kuisikia, aliisimulia kwa neno *ihtajama*: Mtume alifanyiwa hijama, yaani aliumikwa, ndani ya msikiti. Herufi moja mwishoni imezaa hukumu ambayo haikuwapo. Sikio lingelikamata kosa hilo papo hapo, jicho lililipita.

Kwa hiyo nakala nazo zilianza kukaguliwa. Urwa bin al-Zubair alimwuliza mwanawe Hisham kama ameandika. Ndiyo. Je, ameilinganisha na ya asili? Hapana. Basi, akamwambia, hujaandika. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 na aliyetunga kitabu kizima juu ya mjadala huu, *Takyid al-Ilm*, alipendekeza duara linalotenganisha hadithi na hadithi liachwe tupu, na likitiwa nukta katikati ijulikane kuwa hadithi ile imekwisha kulinganishwa. Si ajabu kwamba mtu huyu alipanga kitabu chake kwa kuanza na wanaokataza, akafuata sababu zao, ndipo akawaleta wanaoruhusu. Yeye aliona pande zote mbili zinahitajika.

Katika karne ya 7 ya Hijria, Ibn al-Salah aliandika kwamba hitilafu hiyo imeondoka na Waislamu wamekubaliana kuwa kuandika kunaruhusiwa, akaongeza kuwa lau si kuandikwa, elimu hii ingekuwa imepotea katika zama za mwisho. Ila mwandishi huyohuyo anakiri mahali pengine kwamba masharti ya usikilizaji yalikwisha kulegezwa katika zama zake. Hadithi zilikuwa zimekwisha kukusanywa vitabuni, na lengo la kusikiliza lilibaki kulinda mnyororo wa isnadi. Wanafunzi wa Lamu na Unguja wanaosoma kitabu mbele ya sheikh, ingawa kila mmoja ana nakala iliyochapwa mkononi, wanafuata desturi ile iliyolegezwa.