Sindano ya pepopunda haifungi kizazi

Wiki hii kuna sauti inayozunguka kwenye makundi ya Watsapu ya familia zetu, kutoka Mombasa na Unguja mpaka huku Maskati na Dubai. Mama mmoja asiyejitaja jina anasema sindano ya pepopunda wanayopigwa waja wazito na wasichana wakubwa imetiwa dawa ya kufunga kizazi. Anatoa hoja tatu: kwamba inapigwa wanawake peke yao, kwamba inarudiwa mara tano, na kwamba maaskofu wa Kenya waliipima wakakuta homoni ya mimba ndani yake.

Sauti hiyo nimeichukua nikaenda nayo kituo cha afya cha mtaani kwetu, nikamsikilizisha mkunga wa hapo. Hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kiti, tukaipitia hoja moja moja. Nayaandika hapa aliyonieleza, pamoja na habari za mwaka 2014 ambazo zinajulikana.

Kwanza, kwa nini wanawake. Si kweli kwamba wanaume hawapigwi. Kila mtoto, wa kiume na wa kike, hupata kinga ya pepopunda katika chanjo zake za uchanga, na mwanamume akikanyaga msumari wenye kutu hupigwa hiyo hiyo. Mja mzito anapewa kwa sababu ya aliye tumboni. Vijidudu vya pepopunda vinakaa udongoni na katika samadi. Kitovu kikikatwa kwa wembe usio safi, au kikapakwa jivu, huingia hapo. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, halafu kuanzia siku ya tatu mdomo unakaza, hawezi kushika ziwa, mwili unakakamaa kama ubao. Wazee wetu waliyaona haya, na wengine wakidhani ni shetani. Asipotibiwa, ni nadra sana kupona. Mtoto hana wakati wa kujitengenezea kinga ndani ya siku tatu, kwa hivyo huizaliwa nayo kutoka kwa mama yake. Hiyo ndiyo siri yote ya kupigwa wanawake.

Pili, mara tano. Tuchukue mfano wa binti mmoja aliyeko Mombasa, mimba yake ya kwanza, wiki ya 20. Mama yake yuko huku, ameisikia ile sauti, amempigia simu akamwambia asikubali. Binti hana kadi yoyote ya chanjo, kwa hivyo anahesabiwa kuwa hajaanza. Akipigwa leo, ya pili ni baada ya wiki 4, yaani wiki ya 24. Mbili hizo zinamkinga kwa miaka kama mitatu, na mtoto wake anazaliwa na kinga. Ya tatu ni baada ya miezi 6 kupita, mtoto ameshazaliwa na ananyonya. Ya nne ni mwaka baada ya hapo, na ya tano mwaka mwengine tena. Ukijumlisha, tano hizo zinachukua si chini ya miaka miwili na miezi saba, na akimaliza anakuwa na kinga kwa umri wake wote wa kuzaa. Kinga ya pepopunda hujengwa kidogo kidogo, kila sindano inaukumbusha mwili na kuongeza muda. Lakini akingoja mpaka wiki ya 37, basi hata ya pili haitawahi kufanya kazi, maana inatakiwa ipatikane angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Hapo ndipo ile sauti inapodhuru.

Tatu, habari ya maaskofu. Mimi nilisomeshwa sekondari na mapadri, najua ni watu wa kuchunga maneno yao, na siwezi kusema walitunga. Mwaka 2014, serikali ya Kenya ilipokuwa ikiendesha kampeni ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 mpaka 49, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipeleka chupa za chanjo maabara, na majibu yakaja kwamba kuna homoni ya mimba. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakajibu mwaka huo huo. Tatizo lilikuwa kipimo. Vipimo vilivyotumika vimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu, kujua kama mtu ana mimba. Ndani ya chanjo hakuna damu. Kuna chumvi za alumini na dawa ya kuihifadhi isiharibike, na vitu hivyo vinaweza kukivuruga kipimo kikatoa namba isiyo na maana. Ni kama kuchukua kipimo cha kujua maji kwenye maziwa ukakitia kwenye samli: jibu utapata, lakini si jibu la kitu ulichouliza.

Uvumi huu una mzizi, na ni haki tuutaje. Huko Delhi, Profesa Talwar na wenzake walifanya utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba kwa muda. Walichukua homoni ya mimba wakaiunganisha na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuuliwa nguvu, ili mwili uitambue kama adui. Mwaka 1994 walichapisha matokeo ya wanawake 148 waliojitolea. Kinga ile ilipopungua, wanawake walishika mimba tena. Basi watu wakayasikia maneno mawili, pepopunda na kuzuia mimba, wakayafunga kamba moja. Lakini ile ilikuwa dawa nyengine, iliyotengenezwa makusudi. Hata mtu akiimwaga homoni hiyo ndani ya chupa ya chanjo ya kawaida, haitafanya kazi ile, kwa kuwa lazima viunganishwe maabara mpaka viwe kitu kimoja.

Mkunga akanipa hoja ambayo mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote. Sindano hii wanapigwa wanawake ambao tayari ni wajawazito, na homoni ile imejaa miilini mwao kwa sababu ndiyo inayoishika mimba changa. Kama sindano ingekuwa inaipiga vita, waja wazito wetu ndio wangeonekana wa kwanza kudhurika. Nao wanapigwa, wanajifungua, na mwaka wa pili wanarudi na mimba nyengine na kadi ile ile.

Kuna madhara? Yapo madogo. Mkono unauma, unavimba kidogo, na pengine homa ya siku moja au mbili. Mzio mkali ni nadra sana, na ndiyo maana unaambiwa ukae kituoni dakika 15 kabla ya kuondoka. Mwenye kuwahi kupata mzio mkali wa chanjo hiyo aseme mapema.

Anayetaka kuhakikisha asione haya kuuliza. Kwenye kadi itaandikwa TT au Td. Hiyo ya pili ina kinga ya dondakoo pia. Mwambie nesi akuonyeshe chupa, usome jina na tarehe ya mwisho. Chupa nyingi za huko nyumbani zina alama ya duara lenye mraba katikati: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto, ukilingana nalo rangi au ukawa mweusi zaidi, haifai kutumika.

Nawaomba akina mama mlioko huku: binti zenu waliopo Mombasa, Tanga na Pemba wanawasikiliza nyinyi kabla ya kumsikiliza nesi. Kama mmeshawapelekea ile sauti, wapigieni leo muwaulize mimba ina wiki ngapi na kadi ina sindano ngapi.